Kicheko Kaburini: Mjadala Juu ya Ucheshi Ndani ya Hadithi ya Msiba

Swali la iwapo mwandishi anaruhusiwa kuingiza kicheko katikati ya hadithi ya majonzi limekwisha kujibiwa na waandishi wenyewe tangu zamani, kwa kuwa tanzia nyingi, yaani tamthilia na hadithi ambazo mhusika wake mkuu huishia katika maangamizi, zina mlevi, mpumbavu au mchimba kaburi anayesema maneno ya kuchekesha mahali pasipotarajiwa. Swali gumu zaidi ni lile linalowakabili mhariri na mwandishi wanapoketi na muswada mezani: kicheko hicho kiwekwe wapi, kitoke kinywani mwa nani, na hadithi ifanye nini mara watu wanapomaliza kucheka. Kwa msomaji wa Kiswahili swali hilo huongezewa uzito na jambo moja, kwamba katika jamii nyingi za Tanzania kicheko msibani hakizuki chenyewe bali ni wajibu wa watu maalumu, ambao ni watani, na wasipofika na mizaha yao huhesabiwa kuwa wameutupa msiba.

Mjadala unaoelezwa hapa ulihusu hadithi fupi ya mwandishi mmoja kijana, ambayo bado haijachapishwa. Walioshiriki walikuwa watano: mhariri wa vitabu aliyesoma miswada kwa miaka mingi, mwalimu mstaafu wa fasihi, mama mmoja mwuza vitabu, imamu aliyealikwa kwa sababu hadithi ina maziko ya Kiislamu, na mwandishi mwenyewe, ambaye kwa sehemu kubwa ya kikao alikuwa akiandika pembeni mwa karatasi zake.

Hadithi yenyewe inatendeka katika kijiji kimoja cha Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo. Marehemu alikuwa fundi cherehani ambaye hakuwahi kukabidhi nguo siku aliyoahidi, na kila mteja aliyemjia aliambiwa arudi Ijumaa. Binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima anayeishi mjini, aliwahi kwenda shule siku ya kwanza ya muhula akiwa hana sare, kwa sababu baba alikuwa akishona za watoto wa wengine na yake ilikuwa bado vipande juu ya meza. Siku ya maziko mzee mmoja Mnyamwezi, mtani wa marehemu, anaruka ndani ya kaburi kabla maiti haijateremshwa, analala chali, anatoa utepe wa kupimia nguo mfukoni, anapima urefu wa shimo na kutangaza kwamba kazi haijakamilika, warudi Ijumaa. Katika rasimu ya kwanza watu wanashtuka, kisha wote wanaangua kicheko, kisha inafuata aya ndefu ya kueleza kwamba mila hii husaidia kupunguza huzuni, na mwishoni kabisa mmoja wa wabebaji anateleza na jeneza linayumba, watu wanacheka tena.

Mwalimu mstaafu alianza kwa kuitetea aya ile ya maelezo. Hoja yake ilikuwa kwamba kicheko katika tanzia ni kitulizo, maana yake ni pumziko analopewa msomaji ili aweze kuubeba mzigo wa huzuni unaofuata, na kwamba mwandishi hana kosa akilitaja pumziko hilo kwa jina. Alitoa mfano wa Makbeth, tafsiri ya Samuel Mushi iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1968, ambayo wanafunzi wake waliisoma miaka mingi: mara tu baada ya Mfalme Duncan kuuawa usingizini, anatokea bawabu mlevi anayesikia lango likigongwa, naye badala ya kwenda kufungua anajifanya kuwa bawabu wa Jahanamu na kuanza kuwakaribisha wenye dhambi mmoja mmoja. Darasa, alisema, lilikuwa likicheka hapo na kupumua, kisha likarudi kwenye damu likiwa na nguvu mpya.

Mhariri alikubali nusu ya hoja hiyo. Kwamba darasa lilicheka hakuwa na shaka, lakini alimwomba mwalimu akumbuke kile ambacho darasa lilikuwa likikijua wakati linacheka. Linajua kwamba mfalme amelala chumbani akiwa maiti, linajua kwamba wauaji wamekwenda kunawa mikono, na linasikia lango likiendelea kugongwa na mtu ambaye akiingia ndiye atakayeikuta maiti. Kila mzaha wa mlevi unachelewesha kufunguliwa kwa lango, na kila dakika ya kuchelewa inazidisha taharuki, ile hali ya kungoja jambo la kuogofya huku moyo ukienda mbio. Bawabu hajampumzisha mtazamaji, amemsimamisha mlangoni. Akaongeza kwamba mwaka 1823 mwandishi Mwingereza Thomas De Quincey alikuchambua kugongwa huko kwa lango na kuona kwamba kunayarudisha maisha ya kawaida ndani ya nyumba ya mauaji, na kwamba ni kurudi huko kwa mambo ya kawaida kunakomfanya mtazamaji atambue jinsi muda uliotangulia ulivyokuwa nje ya ubinadamu.

"Mwalimu," alisema mhariri, "pumziko lipo, lakini ni la pumzi ya mtu aliyeikata kwa hofu."

Mwalimu hakurudi nyuma upesi. Alikumbusha kwamba waungwana wa fasihi ya Ulaya katika karne ya 18 walikuwa na shaka na michanganyo ya namna hiyo, kwamba Voltaire aliwakejeli wachimba kaburi wa Hamlet wanaotaniana huku wakichimba, na kwamba David Garrick, mwigizaji mkubwa wa London, aliwaondoa kabisa katika onyesho lake la mwaka 1772. Ikiwa watu wa kiwango hicho waliona kicheko kinaichafua tanzia, je, si afadhali mwandishi wa leo ajieleze kidogo, ili asidhaniwe kuwa hana adabu?

Hapo ndipo mhariri alipokaa kwa muda mrefu, na kwa haki, kwa kuwa onyesho la wachimba kaburi ndilo darasa bora zaidi la jambo hili. Alieleza kwamba wakati mchimba kaburi anapoimba na kurusha mafuvu, mtazamaji amekwisha kuambiwa, katika onyesho lililotangulia, kwamba Ofelia amekufa maji. Hamlet hajui. Anafika makaburini akitoka safarini, anapiga soga na mchimbaji, anauliza kaburi ni la nani, anajibiwa kwa mchezo wa maneno, anacheka na kufikiri juu ya fuvu la mchekeshaji aliyembeba mgongoni utotoni, na muda wote huo amesimama kando ya kaburi la mwanamke aliyempenda. Watazamaji wanacheka pamoja naye huku wakitaka kumwambia anyamaze. Kisha msafara wa maziko unaingia. Zaidi ya hayo, mzaha wa wachimbaji hawa unabeba habari ambayo hadithi inaihitaji: wanabishana iwapo marehemu alijiua au la, na iwapo angezikwa kwa heshima hiyo kama asingekuwa mtoto wa wakubwa, na baadaye kasisi anapopunguza ibada, mtazamaji anajua sababu bila kuhubiriwa. Garrick alipowatoa wachimbaji hakuisafisha tanzia. Aliuondoa ujinga wa Hamlet, na pamoja nao uchungu wote wa kugundua.

Kwa hiyo, kwa maoni ya mhariri, kipimo cha kwanza ni cha ujuzi: nani anajua nini wakati kicheko kinapotokea. Ikiwa wote, yaani wahusika na msomaji, wanajua sawasawa, kicheko kinapita kama upepo. Ikiwa mmoja anajua zaidi ya mwenzake, kicheko kinauma.

Mama mwuza vitabu, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alisema kwamba hayo ya Uingereza ni mazuri lakini yeye ana ya kwao. Alipofiwa na baba yake, siku ya pili ya matanga alitokea bibi mmoja mtani akiwa amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akatembea uani kwa mwendo wa marehemu, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mzito, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake, akaketi, akagonga kikombe kwa kijiko mara mbili kama alivyokuwa akifanya marehemu kila alipotaka chai, na kuwauliza wanawake kwa sauti nzito ni nani amekufa hapa hata chai haiji. Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Mama alisema kwamba yeye pia alicheka, na akainuka kwenda jikoni kuleta chai. Aliposhika birika ndipo alipotambua kwamba mwili wake ulikuwa umeinuka kumtumikia baba. Kilio alichokilia hapo hakukilia wakati wa kuosha maiti wala wakati jeneza linatoka. Akamaliza kwa kusema kwamba hadithi ya kijana imesahau kuleta chai. Mwalimu alidhani mama ametoka nje ya mada na akataka kikao kiendelee, lakini mhariri aliomba maneno hayo yaandikwe kama yalivyo.

Ipo haja ya kusema hapa jambo moja juu ya utani, kwa ajili ya msomaji aliyekulia mbali nao. Utani ni uhusiano kati ya makabila, koo, au ndugu wa aina fulani, kama vile babu na mjukuu au mabinamu, ambao huwapa watu ruhusa ya kudhihakiana na hata kuchukuliana vitu, na huwakataza kukasirika. Kati ya Wazaramo na Wanyamwezi unahusishwa na safari za misafara iliyokuwa ikitoka bara kwenda pwani. Kati ya Wahehe na Wangoni unahusishwa na vita vya karne ya 19. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 iliyosomwa sana, aliueleza uhusiano wa aina hii kuwa mchanganyiko wa urafiki na uhasama ambamo upande mmoja unaruhusiwa, na mara nyingine unatakiwa, kumfanyia mwenzake mzaha, na mwenzake anatakiwa asichukie. Msibani watani huja na kazi mbili zisizotengana. Wanachimba kaburi, wanapika, wanabeba maji, na wakati huohuo wanamwigiza marehemu, wanamtukana, wanalala kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa watoe chochote.

Mhariri alitumia maelezo hayo kuonyesha kosa kubwa la rasimu. Katika rasimu waombolezaji wanashtuka mtani anaporuka kaburini, lakini Wazaramo wa Kisarawe wasingeshtuka hata kidogo; wangekuwa wamekwisha kumwona mzee akija kwa mbali na kuulizana kwa nini amechelewa. Mshtuko ule ni wa mgeni anayeangalia, na mwandishi ameazima macho ya mgeni kueleza nyumba yake mwenyewe. Ikumbukwe, alisema, kwamba kuna vicheko viwili msibani. Kimoja kina ruhusa, na hicho hakina mshangao ndani yake. Kingine hakina ruhusa, kinamponyoka mtu mahali ambapo kila mmoja ameinamisha kichwa, na mwenyewe hukiziba kwa kanga. Mwandishi anayekieleza kile cha kwanza kwa lugha ya kile cha pili anapoteza vyote viwili. Lililo zito katika utani si kwamba watu wanacheka, bali ni katazo la kukasirika: mtani anatoa hadharani jambo ambalo mfiwa amelificha miaka 20, na mfiwa hana haki ya kununa.

Mwandishi alinyanyua kichwa hapo na kuuliza kama ina maana kwamba ile sare ya shule ndiyo hadithi. Mhariri alimjibu kwamba hilo ni lake kuamua, lakini kwa sasa sare imetajwa ukurasa wa tano na mzaha uko ukurasa wa sita, kiasi kwamba msomaji anauona mtego ukitegwa. Sare iende ukurasa wa kwanza, isimuliwe kwa ukavu, bila kuomba huruma, kisha isahauliwe; na neno "Ijumaa" litumike mara moja au mbili njiani katika mambo yasiyo na uzito, kama vile binti kumwambia dereva wa basi kwamba atarudi mjini Ijumaa.

Imamu aliomba nafasi, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa amelisikia swali la kikao kwa namna nyingine. Alidhani anaulizwa kama inafaa kucheka makaburini. Alieleza kwa upole kwamba makaburini ni mahali pa kukumbuka kifo na kumwombea marehemu, kwamba kuruka ndani ya kaburi lililokwisha kutayarishwa ni jambo asiloliridhia yeye, na kwamba wazee wa zamani walifanya mambo mengi ambayo vijana hawalazimiki kuyaiga. Mwandishi alitaka kusema kwamba hadithi haimshauri mtu afanye hivyo, lakini mhariri alimzuia kwa mkono, kwa kuwa imamu alikuwa bado anasema. Akaendelea kwamba hata ukiacha hilo, hadithi ina makosa mawili ambayo mtu yeyote aliyewahi kuzika atayaona. Katika rasimu mtani anauliza sanda hii kaishona nani, ilhali sanda haishonwi. Ni vitambaa vinavyokatwa na kumviringishia maiti, vitatu kwa mwanamume. Na kosa la pili ni binti. Kwa desturi ya hapo kwao wanawake hawafuatani na jeneza hadi kaburini; hubaki nyumbani. Kwa hiyo binti hawezi kuwa amesimama ukingoni mwa kaburi akimtazama mtani.

Kikao kilikaa kimya kidogo, kisha mhariri alicheka na kumwambia imamu kwamba amefanya kazi ambayo wengine wote hawakuifanya. "Shekhe, umekuja kukataza mzaha, nawe umeutengeneza."

Alimaanisha hivi. Kama sanda haishonwi, basi mzaha wenyewe umo humo: fundi ambaye hakuwahi kukabidhi nguo kwa wakati hatimaye amevaa nguo isiyohitaji fundi, na kwa mara ya kwanza hakuna wa kuambiwa arudi Ijumaa. Mzaha huo hauwezi kuhamishiwa katika msiba wa mvuvi wala wa karani. Na hicho, kwa maoni yake, ndicho kipimo cha pili, tena ndicho rahisi kukitumia: mzaha uchukuliwe na kuwekwa katika maziko mengine, na kama bado unachekesha sawasawa, basi si mali ya hadithi hiyo. Kuteleza kwa wabebaji kunaweza kutokea katika maziko yoyote duniani, kwa hiyo kuondoke. Mwalimu alijaribu kukiokoa kipande hicho kwa kusema kwamba kinachekesha kweli, na hakuna aliyembishia, lakini mhariri alisema kwamba kicheko cha pili mara baada ya cha kwanza humwonyesha msomaji kuwa mwandishi amekipenda kicheko kuliko marehemu.

Lililobaki ni kosa la binti, ambalo lilibadilisha hadithi yote. Katika vijiji vingi vya Uzaramo makaburi ya ukoo hayako mbali na nyumba, mara nyingi ni nyuma tu, chini ya miembe au minazi. Wanawake wako ndani na uani, wamekaa kwenye mikeka, wanangoja wanaume warudi. Sasa wanasikia kicheko kutoka kaburini: sauti za wanaume wengi, bila maneno. Binti anajua kwamba mtani amesema jambo, na anajua kwamba jambo hilo ni juu ya baba yake, lakini hajui ni lipi. Mwandishi ndiye aliyeliona hili kwanza, na alilieleza kwa haraka kana kwamba lingemponyoka: hapa msomaji aachwe pamoja na wanawake, asipelekwe kaburini hata kidogo, ili kicheko kifike kwake kama kilivyofika kwa binti. Mzaha wenyewe uletwe na mtoto wa kiume wa miaka kama tisa, aliyetumwa kuja kuchukua maji, ambaye anajaribu kuusimulia na kuuharibu, anauanza mwisho na kusahau utepe, anarudia tu kwamba babu kasema nguo hii haina Ijumaa. Wanawake waliokaa wanatazamana, kwa sababu hawajaelewa. Binti peke yake anaelewa.

Mhariri aliupokea mpango huo bila sifa nyingi, ila alisema kwamba sasa kile kicheko chenye ruhusa, kilichoko kaburini, kimezaa kingine kisicho na ruhusa, kilichoko uani, na kwamba tofauti ya ujuzi aliyoisema katika Hamlet imepatikana bila kumwiga Mwingereza. Alitaka pia sentensi inayosema kwamba watu walisahau huzuni yao ifutwe, kwa sababu si kweli kwa msiba wowote, na aya ya kueleza mila ifutwe yote. Mwalimu aliuliza msomaji wa Mombasa au wa Bujumbura atajuaje utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni nini. Akajibiwa kwamba atajua kwa kumwona mzee ambaye amechimba kaburi kwa mikono yake tangu alfajiri akimtukana aliyemchimbia, na wafiwa wakimpa sahani ya kwanza ya chakula; asiyeelewa hapo hatasaidiwa na aya.

Ubishi mkali ulikuja mwishoni, juu ya jambo dogo kwa kulitazama: je, binti acheke au asicheke? Mwalimu alisimama imara kwamba asicheke. Akicheka, hadithi imemsamehe fundi kwa bei ya chini, na sare ya shule imegeuka kuwa kitu cha kufurahisha wageni. Akinyamaza, msomaji atausikia ukimya wake kuliko kicheko chochote. Hapa mwalimu, ambaye alikuwa nusu sahihi tangu asubuhi, alisema jambo ambalo mhariri alikiri kuwa hana jibu lake kamili. Mama mwuza vitabu alimpinga kwa njia yake. Alisema mtu hachagui. Kicheko kinakuja kwanza, na hesabu ya nani amemsamehe nani inakuja baadaye, pengine haiji. Mwalimu alisema hayo ni maisha na hapa linazungumzwa jambo la sanaa. Mama alimjibu kwamba hajawahi kuuza kitabu ambacho msomaji alirudi kukisifu kwa sababu kilikuwa sanaa.

Imamu, ambaye hakuwa na la kusema juu ya binti, aliuliza swali lililowarudisha wote kwenye kazi: baada ya hapo nini kinatokea? Kwa maana watu wakicheka ni lazima waache kucheka, na maiti bado haijafukiwa. Mhariri alisema kwamba hilo ndilo pengo ambalo rasimu nyingi huliacha wazi, kwa kuwa mwandishi akifurahia mzaha wake huruka mpaka siku inayofuata, au hufunga hadithi papo hapo ili kicheko kiwe mwisho. Kicheko kikishakwisha msomaji hana kinga, na jambo linalofuata litaingia moja kwa moja. Kwa hiyo liwe jambo dogo, la mkono, lisilo na sifa za majonzi. Mama alikuwa amekwisha kulisema kwa birika lake. Kwa hadithi hii mhariri alipendekeza chumba cha cherehani: binti anaingia humo kumpa mtoto ndoo ya maji, na juu ya meza kuna nguo za watu zilizokatwa na kubandikwa pini, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe, na hakuna wa kuzimaliza. Asilie, asishike chochote. Ahesabu majina, ajue ni nani wa kurudishiwa vitambaa vyao, na hadithi iishie katika shughuli hiyo.

Mwalimu alisema kama ni hivyo basi anaweza kuvumilia binti akicheka, mradi kicheko kiwe kifupi na kisiitwe kwa jina lake. Mama alisema kicheko kifupi hakipo. Mwandishi hakusema ameamua nini.

Muswada uliofika mezani kwa mhariri baadaye ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza. Kuteleza kwa wabebaji kulikuwa kumeondolewa, aya ya mila ilikuwa imeondolewa, sare ya shule ilikuwa ukurasa wa kwanza katika sentensi mbili, na mtani hakuonekana hata mara moja, anasikika tu. Binti anacheka. Mwalimu mstaafu amesoma toleo hilo na bado anasema kwamba ni kosa.